Deni la mteja aliyepanda ndege

(Muziki unashuka.)

Leo nazungumza na wewe mwenye duka pale Base Camp, Rubondo au Juru, unayekopesha unga na mafuta mpaka siku watu wapate pesa.

Tutumie duka la mfano. Mwisho wa mwezi daftari linasema wateja wanadaiwa shilingi 800,000. Tajiri wa jumla kule Mbarara anakudai 750,000. Unajiambia, nitamlipa na nibaki na 50,000. Ngoja kwanza. Pesa ya daftarini haijawa pesa ya mfukoni.

Pitia madeni yako kwa umri. Tuseme 500,000 hayajamaliza mwezi mmoja, 200,000 yana mwezi mmoja hadi mitatu, na 100,000 yamepita miezi mitatu. Sasa rudi kwenye daftari la mwaka jana, uone madeni ya umri kama huo yaliishia wapi. Usichukue kipimo cha jirani. Wateja wake si wako. Tuseme umeona kwamba katika kila mia, mapya yalipotea 2, ya katikati 20, na ya zamani 50. Basi unatarajia kupoteza 10,000, na 40,000, na 50,000. Jumla ni 100,000. Hilo ndilo tengo la madeni mabaya.

Tengo si pesa unayofungia kwenye sanduku. Ni hesabu tu, lakini inapunguza faida ya mwezi huu. Kama ulidhani umepata faida ya 260,000, andika 160,000. Na madeni ya kutegemea ni 700,000, kwa hiyo tajiri wa Mbarara hawezi kulipwa yote kwa daftari hilo. Mwambie mapema, kabla hujapanda gari kuongeza mzigo mwingine.

Halafu mteja mmoja anapata nchi ya tatu, anasafiri, na simu yake haipatikani tena. Alikuwa na deni la 60,000. Futa deni hilo: piga mstari, andika tarehe na sababu. Madeni yanashuka hadi 740,000, tengo linashuka hadi 40,000. Toa moja kwa jingine, bado ni 700,000. Hapa wengi wanakosea, wanatoa ile 60,000 kwenye faida mara ya pili. Hasara hiyo uliishaihesabu ulipotenga. Mwisho wa mwezi unaofuata, pima tengo upya kwa madeni yaliyobaki.

Kufuta si kusamehe. Mteja bado anadaiwa. Wewe umeacha tu kuihesabu pesa yake kama mali. Watu wengine hukumbuka, hata wakiwa mbali. Siku akikutumia ile 60,000 kupitia ndugu aliyebaki kambini, rudisha deni kwenye jina lake kwanza, kisha andika kwamba limelipwa. Kwa hiyo ukurasa wake usiuchane.

(Muziki unapanda.)