Karatasi ya Jumatano: mzazi na mtahiniwa wa darasa la saba

(Muziki unashuka. Mtangazaji.)

Leo tunakaa na wazazi wenye mtoto wa darasa la saba, yule atakayefanya mtihani wa UNEB wa kumaliza shule ya msingi mwezi wa kumi na moja. Masomo ni manne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Leo nitashika Hesabu peke yake, na nitakueleza jinsi mama mmoja wa Lobule, hapa Koboko, anavyomtengenezea binti yake karatasi ya mazoezi kila wiki kutoka kwenye vitabu vya shule.

Mama huyo alisoma Kongo, kwa Kifaransa, akaishia katikati ya sekondari. Hesabu za darasa la saba nyingine zinamshinda, lakini hilo halimzuii kusahihisha. Siri yake ni mifano iliyotatuliwa. Katika kitabu cha Hesabu, kila mada inaanza na mfano: swali liko juu, na chini yake njia yote mpaka jibu. Yeye ananakili swali tu kwenye karatasi, kwa Kiingereza kama lilivyo, kwa sababu mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Jibu na njia anaviandika kwenye daftari lake mwenyewe, pamoja na namba ya ukurasa. Siku ya kusahihisha analinganisha mstari kwa mstari.

Karatasi yake ina alama 20. Kwa nini 20? Mtihani wa Hesabu una alama 100 na muda wa saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Kila alama inapata dakika moja na nusu, kwa hiyo alama 20 ni dakika 30. Nusu saa hiyo mtoto anaiweza jioni, taa ya sola ikiwa bado ina nguvu. Anaweka maswali mafupi matano ya alama mbili mbili, kama sehemu A ya mtihani, na maswali marefu mawili ya alama tano tano, kama sehemu B. Chini ya kila swali anaacha nafasi ya kutosha, maana kwenye mtihani mtoto anatakiwa kuonyesha njia. Anaandika kwa kalamu ya wino, si penseli. Penseli ni ya michoro tu.

Sasa sikiliza jinsi anavyochagua. Mwanzoni alichukua maswali yote saba kutoka mada moja. Binti akapata 20 kwa 20, wiki mbili mfululizo, na mama akafurahi. Lakini shuleni, kwenye mtihani wa majaribio, mtoto aliyakosa maswali ya mada hizo hizo. Sababu ni hii: karatasi ikiwa na mada moja, mtoto hana haja ya kufikiri ni njia gani itumike. Anarudia ile ile kutoka juu mpaka chini. Siku hizi mama anaweka maswali manne ya mada ya wiki hii, mawili ya wiki iliyopita, na moja la zamani, hata la kitabu cha darasa la tano au la sita. Anayachanganya, na kichwa cha mada hakiandiki.

Nikupe swali moja alilolitoa. Kwenye kitabu lilihusu miji mingine. Yeye alibadili majina ya miji tu, namba akaziacha, kwa sababu ukibadili namba unapoteza jibu la kitabu. Swali lilisema hivi: taksi iliondoka Arua saa 8:40 asubuhi, ikafika Koboko saa 9:55 asubuhi. Kama safari ni kilomita 60, ilikwenda kwa mwendo gani kwa saa?

Binti alitoa muda vizuri: saa 1 na dakika 15. Kisha akaandika 1.15, akagawa 60 kwa 1.15, akapata 52 na desimali zisizoisha. Mama aliangalia daftari lake: jibu ni 48. Hakuandika kosa na kuendelea. Alishuka mstari kwa mstari mpaka akaona mahali walipoachana. Dakika 15 ni robo ya saa, kwa hiyo muda ni 1.25, si 1.15. Gawa 60 kwa 1.25, unapata 48. Mtoto alijua kugawa, alijua kanuni ya mwendo. Alichokosa ni kugeuza dakika kuwa saa. Basi karatasi iliyofuata haikuwa na taksi tena. Ilikuwa na maswali mafupi: dakika 30 ni saa ngapi, dakika 45 ni saa ngapi, dakika 20 je? Wiki mbili baadaye taksi ikarudi, na safari hii 48 ikatoka.

Jambo lingine kwenye swali hilo ni saa yenyewe. Sisi tunasema saa mbili na dakika arobaini, kitabu kinasema 8:40. Mtoto anayehesabu kichwani kwa Kiswahili anaweza kuulizwa taksi ilifika saa ngapi, akaandika 3:55 badala ya 9:55. Muda wa safari utakuwa sahihi, na alama itapotea. Mwambie asome saa kama ilivyoandikwa, asiitafsiri.

Na kuna kosa ambalo si la mtoto. Mama huyu alikubali nilisimulie, ili lisimpate mwingine. Siku moja alinakili swali la sukari: kilo 1.250 igawanywe katika pakiti za gramu 250, ni pakiti ngapi? Kwa mkono uliozoea shule ya Kongo, aliandika 1,250, kwa mkato. Binti akajibu pakiti 5,000. Mama akamgombeza kwamba anacheza, mtoto akalia, jioni hiyo wakalala bila kusema. Asubuhi binti alikuja na kitabu mkononi: "Mama, angalia, hapa ni nukta. Mkato ni wa elfu." Hapa Uganda 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Mtoto alikuwa amejibu sawasawa swali lililoandikwa. Mama alimwomba msamaha, na tangu siku ile karatasi ikiisha kuandikwa, binti anaisoma namba zote kwa sauti huku mama ameshika kitabu, kabla saa haijaanza.

Wewe uliyesoma Kongo, anzia hapo. Nukta iwe nukta.

Ratiba yao ni hii: Jumapili mama anaandika, Jumatano binti anafanya, Jumamosi wanasahihisha pamoja. Ukiona jibu sahihi lisilo na njia, muulize amelipataje. Huenda amekiona kitabu. Ukikuta njia tofauti na ya kitabu lakini jibu ni lile lile, usikate. Weka alama ya kuuliza, mtoto aende nayo kwa mwalimu Jumatatu. Hapo ndipo kazi yako inapoishia na ya mwalimu inapoanza.

Kitabu cha kuazima usiandike ndani yake. Kesho kuna mtoto mwingine anakisubiri.

Usiku mwema, Koboko. Usiku mwema, Arua.

(Muziki unapanda.)