Nguvu Zinazoishikilia Karatasi: Uchambuzi wa Uwanja wa Nguvu kwa Meneja Anayehamia Kumbukumbu za Kompyuta

Uchambuzi wa uwanja wa nguvu ni njia ya kueleza kwa nini kazi imetulia mahali ilipo, kabla ya kuamua namna ya kuihamisha. Uliasisiwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Mogilno, ambao leo uko Poland. Alihamia Marekani mwaka 1933, Wanazi walipokwisha kushika madaraka Ujerumani, na alifariki mwaka 1947. Kwake, utulivu wa kikundi au ofisi haumaanishi kwamba hakuna kinachosukuma. Upande mmoja zipo nguvu za kusukuma, upande wa pili zipo nguvu za kuzuia, nazo zimetoshana.

Katika wazo hilo mna jambo ambalo mameneja wengi hulipita. Mara nyingi uchambuzi huu hufundishwa kama kura: nguvu za kusukuma huandikwa kushoto, za kuzuia kulia, kila moja hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, kisha upande wenye jumla kubwa huhesabiwa kuwa mshindi. Kwa mantiki ya Lewin mwenyewe, hesabu hiyo ina kasoro. Ikiwa kazi imesimama palepale kwa miezi, pande mbili zimelingana kwa hakika. Jumla ya kushoto ikizidi ya kulia, maana yake ni kwamba ipo nguvu ya kuzuia ambayo bado haijaonekana, au ya kusukuma iliyopewa uzito isiokuwa nao. Manufaa makubwa ya jedwali yako hapo, katika kuonyesha ni kiasi gani meneja bado hajakielewa.

Mfano unaofaa ni idara ya wagonjwa wa nje katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Hospitali inayoelezwa hapa ni ya kubuni na tarakimu zake ni za kielelezo, ila mwenendo wa kazi ni ule unaojulikana. Mgonjwa hufika mapokezi, mhudumu wa masjala hutafuta jalada lake, jalada huenda kwa tabibu, majibu ya maabara hurudi kwenye kipande cha karatasi, na cheti cha dawa hupelekwa dirishani. Mahudhurio huandikwa kwenye rejista ya MTUHA, na mwisho wa mwezi hujumlishwa kwa mkono ili yaingizwe kwenye DHIS2. Mfumo wa kompyuta, kama vile GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya umma, umekwisha kufungwa. Kompyuta zipo mezani, lakini karatasi inaendelea kutawala.

Kazi ya kwanza ni kutaja kiwango kinachotakiwa kuhamishwa. Kusema kwamba hospitali inataka kuwa ya kidijitali hakutoshi, kwa sababu hakuna awezaye kupima hilo Jumatatu na kulipima tena Ijumaa. Kiwango kizuri ni hiki: kati ya mahudhurio 100, ni mangapi yameandikwa kwenye kompyuta mgonjwa akiwa bado mbele ya tabibu? Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mfumo hutunza saa ya kila ingizo, kwa hiyo meneja anaweza kuchukua mahudhurio ya siku moja kutoka kwenye rejista na kuyalinganisha na saa zilizomo kwenye mfumo. Wagonjwa waliotibiwa asubuhi wakionekana wote wameingizwa kati ya saa nane na saa tisa na nusu alasiri, basi tabibu aliandika kwenye karatasi, na mtu mwingine akanakili baadaye. Ripoti itasema mfumo unatumika, ilhali kumbukumbu halisi bado ni jalada. Tuseme hospitali hii imepata 30 kwa 100, na imebaki hapo kwa miezi sita.

Hatua ya pili ni kuorodhesha nguvu, na hapa kuna kanuni moja inayopaswa kushikwa kwa nguvu zote: nguvu huhesabiwa pale tu inapomgusa mtu anayefanya kazi hiyo. Majalada yanayopotea ni hasara ya kweli kwa mgonjwa, na humsumbua mhudumu wa masjala. Tabibu mwenye wagonjwa arobaini mlangoni hulikwepa tatizo hilo kwa kufungua jalada jipya. Kwake yeye, faida ya kutopoteza majalada haisukumi chochote, hata ikiandikwa kwa herufi kubwa katika andiko la mradi.

Uongozi wa hospitali, ukikaa peke yake, unaorodhesha upande wa kusukuma agizo kutoka ngazi za juu kwa alama 4, madai ya bima yanayorudishwa kwa sababu ya fomu zisizojazwa vizuri kwa alama 4, na adha ya kujumlisha ripoti ya mwezi kwa alama 3. Jumla ni 11. Upande wa kuzuia unaandika kukatika kwa umeme alama 3, wafanyakazi wasiozoea kuchapa alama 2, na uchache wa kompyuta alama 2. Jumla ni 7. Kwa jedwali hili hospitali ingepaswa kuwa imekwisha kuhama. Haijahama, na kwa hiyo alama 4 zinatafutwa.

Hazitapatikana katika kikao anachokiongoza Mganga Mfawidhi. Zinapatikana kwa kumfuata mgonjwa mmoja tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, na kwa kuzungumza na kila kada peke yake. Katika mfano huu yanafichuka mambo mawili. La kwanza, dirisha la dawa halitoi dawa bila cheti cha karatasi chenye saini, kwa kuwa mfamasia anaamini mkaguzi atadai karatasi hiyo. Tabibu anayetumia kompyuta kwa hiyo anaandika mara mbili kwa kila mgonjwa, na foleni inarefuka kwa sababu ya utii wake. La pili linawahusu wahudumu wa masjala. Hao ndio wanaojua jalada la nani liko rafu ipi, na heshima yao kazini imesimama juu ya ujuzi huo. Hakuna aliyewaambia watafanya nini rafu zikifungwa. Hawapingi kwa maneno. Wanaendelea tu kupeleka majalada kwa tabibu, na tabibu aliyewekewa jalada mezani ataliandika. Kuandika mara mbili kukipewa alama 3, na hofu ya masjala alama 1, jedwali linasawazika.

Sasa panakuja uamuzi wenyewe: kuongeza msukumo au kupunguza kizuizi. Njia zote mbili zaweza kupandisha kiwango, lakini Lewin alisisitiza kwamba hazilingani kwa matokeo. Kamba inayovutwa na pande mbili hubaki palepale wavutaji wakiongezeka kila upande, ila inakaza zaidi. Agizo kali linaweza kuinua matumizi kutoka 30 hadi 60 kwa wiki chache, bila kuondoa hata kizuizi kimoja, na ukazo huo hutafuta pa kutokea. Huonekana katika kumbukumbu zenyewe: utambuzi wa ugonjwa uleule kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, maelezo yaliyonakiliwa neno kwa neno, sehemu ya historia ikijazwa nukta moja ili mfumo uruhusu kusonga mbele. Meneja akiona kiwango kinashuka kila anapokwenda likizo, ajue kinachokishikilia ni msukumo wake mwenyewe. Kumbukumbu za namna hiyo ni hatari kuliko karatasi, kwa sababu tabibu wa zamu ijayo huziamini.

Ushahidi wa awali wa Lewin ulitoka jikoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka familia zile zaidi nyama za ndani kama moyo na figo. Baadhi ya vikundi vya akina mama vilihutubiwa kuhusu lishe na uzalendo. Vingine vilijadili vikwazo vyenyewe, kama vile harufu na malalamiko ya waume, kisha wanakikundi wakaamua pamoja. Baadaye, waliopika nyama ambazo hawakuwahi kuzipika walikuwa takriban 3 kwa 100 katika vikundi vya hotuba, na 32 kwa 100 katika vikundi vya majadiliano. Maelezo ya lishe yalikuwa kwa wote. Vikwazo vilizungumzwa upande mmoja tu.

Katika hospitali ya mfano, kizuizi cha kwanza kushughulikiwa ni kuandika mara mbili, kwa kuwa kina alama kubwa na kiko ndani ya uwezo wa meneja. Umeme una alama 3 pia, lakini gridi ya taifa haiko mikononi mwake. Mfamasia, mhasibu na mkaguzi wa ndani wanaketi pamoja na kuafikiana kwa maandishi kwamba cheti kilichomo kwenye mfumo ndicho kitakachokaguliwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na hilo huwapa mahali pa kusimamia. Kisha cheti cha karatasi kinaondolewa katika chumba kimoja cha daktari na dirisha moja kwa majuma mawili. Hitilafu zikirekebishwa, vyumba vingine vinafuata. Kwa saa zisizo na umeme, betri ya akiba inahudumia kompyuta chache muhimu, na panakuwepo fomu ya dharura yenye namba mfululizo, ambayo huingizwa kwenye mfumo ndani ya saa 24. Namba hizo zina kazi: fomu zikitumika hata siku ambazo umeme haukukatika, karatasi imerudi kwa jina jingine.

Wahudumu wa masjala wanapewa kazi ambayo ujuzi wao unaifaa: kuunganisha mgonjwa na kumbukumbu zake. Majina hufanana, tarehe za kuzaliwa hukosewa, na mtu mmoja huweza kusajiliwa mara tatu. Anayewajua wagonjwa kwa sura huzuia jambo hilo vizuri kuliko mgeni yeyote. Ndio pia wanaofaa kushughulikia majalada ya zamani, na hapa hospitali nyingi hupoteza nguvu bure kwa kutaka kuingiza kila kitu. Inatosha jalada la mgonjwa anayerudi lifupishwe siku anayorudi: magonjwa ya kudumu, mzio, dawa anazotumia. Mengine yabaki rafuni kwa muda unaotakiwa na taratibu za utunzaji.

Uwanja haukai ulivyo baada ya kiwango kupanda. Nguvu mpya huzaliwa, na ya kwanza mara nyingi ni kuazimana nywila, kwa sababu kuingia na kutoka kwenye mfumo huchelewesha foleni. Ingizo la tabibu mmoja likionekana katika vyumba viwili kwa dakika zilezile, tatizo hilo limeshaanza, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalifanya kuwa zito zaidi. Kwa hiyo jedwali huchorwa upya baada ya miezi mitatu hivi, kwa kipimo kilekile cha mahudhurio 100. Bohari nayo huacha kuagiza vitabu vya vyeti, maana kitabu kilicho mezani ni nguvu ya kuzuia kila siku mtandao unapokwama.

Njia hii ina mipaka yake. Alama ni makadirio ya watu, na nguvu hazisimami kila moja peke yake: kupunguza kuandika mara mbili hupunguza pia malalamiko kuhusu uchache wa kompyuta, kwa kuwa kila mgonjwa hukaa muda mfupi zaidi. Kujumlisha huficha uhusiano huo. Wala jedwali halimwambii meneja mfumo upi ni bora au kama mtandao wa ndani utahimili mzigo. Mfumo ukiwa unachukua dakika nzima kufungua ukurasa mmoja, hiyo ni kazi ya fundi, na inapaswa kukamilika kabla ya kumuuliza yeyote kwa nini anapendelea karatasi.