Swali la Moyo wa Mwenzako

Msikilizaji wa Buzebazeba, tuchukue mfano wa mke wa mvuvi wa dagaa. Mume anaingia ziwani usiku na taa, anarudi alfajiri, anakula kimya, analala. Mke anauliza: "Nifanyeje nijue kama bado ananipenda?" Ukimsikiliza vizuri, anataka kujua moyoni mwa mumewe kuna nini bila mumewe kujua. Kesho utamkuta kwa mpiga ramli, au ameshika simu ya mume.

Swali la namna hiyo utalitambua hivi: anayeuliza mwenyewe hana sehemu ndani yake, na mwenye jibu ndiye pekee asiyeulizwa. Simu nayo haitamtuliza. Akikuta ujumbe, ataupa maana anayoiogopa. Asipokuta, atasema umefutwa. Isitoshe, Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na ndoa haiifuti.

Basi aligeuze swali lake. Aanze na alichokiona, aseme kilivyomgusa, kisha aombe jambo moja: "Baba Asha, wiki mbili sasa unarudi hatuongei. Nimekuwa mpweke. Naomba tukae jioni moja tuzungumze." Asimwambie alfajiri, mwili umechoka. Angoje mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa hupumzika.

Mume anaweza kusema, "Sijawa tayari." Hiyo ni haki yake, mke aulize lini, asichokonoe. Lakini kama nyumbani kuna kipigo au vitisho, usingoje mazungumzo: nenda dawati la jinsia kituo cha polisi.