Maoni Chini ya Zoezi la Kutoa: Mada kwa Walimu wa Darasa la Tatu, Bukoba na Muleba



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia maneno tunayoyaandika kwa kalamu nyekundu baada ya kusahihisha. Nitajifunga kwenye karatasi moja ya Hisabati, ya kutoa namba zenye tarakimu mbili na tatu. Karatasi yenyewe nimeitunga, lakini aliyewahi kufundisha Darasa la Tatu, iwe Katerero au Kamachumu, atayatambua majibu yake.

Karatasi ina maswali kumi. Mwanafunzi amepata manne: la 1, 58 − 23 = 35; la 2, 96 − 41 = 55; la 3, 487 − 265 = 222; na la 8, 769 − 304 = 465. Amekosa sita. Swali la 4, 72 − 38, ameandika 46. La 5, 351 − 127, ameandika 236. La 6, 640 − 215, ameandika 435. La 7, 503 − 178, ameandika 475. La 9, 824 − 356, ameandika 532. La 10 linasema mkulima alivuna kilo 432 za kahawa akauza kilo 186, na mtoto anasema zimebaki kilo 354.

Kwa mazoea yetu karatasi hii hurudi kwa mwenyewe na 4/10, na chini yake "Ongeza bidii" au "Nione". Naomba tuyasome tena majibu hayo sita. Katika 72 − 38, mtoto alipofika kwenye mamoja alikuta 2 juu na 8 chini. Akatoa 2 kwenye 8, akapata 6. Kwenye makumi akatoa 3 kwenye 7, akapata 4. Katika 503 − 178 amefanya hivyo hivyo: kati ya 3 na 8 amepata 5, kati ya 0 na 7 amepata 7, kati ya 5 na 1 amepata 4. Pitieni yote sita, mtaona kwamba kila mahali ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Tena hakuna hata mara moja aliyokosea tofauti ya tarakimu mbili. Amekosa maswali sita kwa kosa moja tu, na kosa hilo amelifuata kwa uaminifu. Maneno "ongeza bidii" hayamfai, kwa sababu bidii anayo. Akiiongeza bila kuelekezwa atapata makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa makosa mengi ya watoto katika kutoa hutokana na kanuni mbovu ambayo mtoto anaifuata hatua kwa hatua, kiasi kwamba ukishaijua unaweza kutabiri jibu lake la swali linalofuata. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, mwalimu ajaribu kutabiri. Ukitazama la 4 na la 5, kisha ukabashiri kuwa la 9 litakuwa 532, nawe ukalikuta 532, umeshajua cha kuandika. Ukikuta namba nyingine, subiri, hujajua bado.

Mfano wa "namba nyingine" ni huu. Mwanafunzi wa pili amepata la 4, la 5, la 6, la 9 na la 10, lakini 503 − 178 ameandika 335 badala ya 325. Huyu anajua kuchukua. Kwenye mamoja amepata 13 − 8 = 5. Amefungua mia moja, ameona makumi kumi, akatoa 7 akapata 3. Alichosahau ni kwamba kumi moja kati ya yale kumi limeshahamia kwenye mamoja, hivyo yamebaki makumi 9. Ukimwandikia maoni ya yule wa kwanza utamvuruga, maana utamfundisha alichokwisha kukijua.

Sasa tuandike. Kwa mwanafunzi wa kwanza ningeandika hivi:

"Tofauti za tarakimu zako zote ni sahihi, na katika swali la 3 na la 8 umezipanga vizuri. Tazama swali la 4. Jumlisha jibu lako 46 na 38. Je, umepata 72? Sasa tazama mamoja: una 2, unatakiwa kutoa 8. Fungua fungu moja la makumi, kisha rudia swali la 4 na la 5 hapa chini."

Sentensi ya kwanza inamwambia kilicho sahihi kwa kukitaja, ili asikiache pamoja na kosa. Swali la kujumlisha linampa njia ya kuligundua kosa mwenyewe: 46 + 38 ni 84, na 84 si 72. Neno "fungu" nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa darasani tunafunga vijiti kumi kumi kwa kamba za migomba, na mtoto ameshafungua fungu kwa mikono yake. Watoto wetu wengi nyumbani huzungumza Kihaya, na kusoma Kiswahili bado wanajifunza. Maoni yenye sentensi ndefu hayasomwi. Jibu sahihi sikuliandika. Ningeliandika 34, angelinakili na kazi ingeishia hapo.

Kwa wa pili inatosha: "Umechukua vizuri katika maswali mengine yote. Swali la 7: baada ya kuhamisha kumi moja kwenda kwenye mamoja, makumi yamebaki mangapi? Rudia."

Kuhusu kuweka alama, mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi nchini Israeli. Wengine walipewa maoni pekee, wengine alama pekee, wengine vyote viwili. Waliopata maoni pekee waliendelea vizuri zaidi. Waliopata vyote viwili walifanana na waliopata alama tu. Kazi zao hazikuwa za kutoa, kwa hiyo nisiuvute utafiti huo kupita kiasi. Ila ninaamini mtoto akishaona 4/10 hasomi tena kilichoandikwa chini. Napendekeza alama ziingie kwenye kitabu cha mwalimu siku hiyo, na karatasini ziandikwe baada ya masahihisho kufanywa.

Najua swali linalokuja: darasa lina watoto 80. Dakika mbili kwa kila mmoja ni dakika 160, na hakuna mwenye muda huo. Basi tusianze kwa kuandika, tuanze kwa kupanga karatasi mafungu. Tazama swali la 4 na la 7 tu. Wenye 46 na 475 upande mmoja, wenye 34 na 335 upande wa pili, waliopata yote upande wa tatu. Zitabaki chache zisizoeleweka. Hizo ndizo za kuzungumza na mtoto, akueleze alivyofanya, huku wewe ukisikiliza bila kumkatiza. Maoni ya mafungu mawili ya kwanza yaandikwe ubaoni chini ya herufi A na B, na kila karatasi ipewe herufi yake. Kipindi kianze kwa dakika kumi za kurudia, kila mmoja na karatasi yake, vijiti vikiwa mezani.

Wiki inayofuata wape swali moja jipya, 605 − 248. Jibu ni 357. Akiandika 443, kanuni ya kwanza bado imo kichwani. Akiandika 367, tatizo ni ile sifuri. Mwenye 443 kwa mara ya pili asiandikiwe maoni mengine. Mkae naye na vijiti, ahesabu mamia, makumi na mamoja kwa sauti, na aandike kila tarakimu baada tu ya kuliona fungu lake likifunguliwa.