Barua ya Kocha kwa Wazazi: Siku za Mazoezi na Ada Zinapobadilika
Mada kwa semina ya makocha wa soka la vijana, Dar es Salaam



Siku za mazoezi na ada zikibadilika pamoja, mzazi huunganisha mambo hayo mawili na kuuliza: nalipa zaidi kwa sababu gani? Barua isipojibu, asiyemudu huona aibu kuuliza, na mtoto huacha kuja kimyakimya.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watoto 30 kilifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule bila kulipia uwanja, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa ada ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Sasa kinahamia uwanja wa kukodi, shilingi 10,000 kwa kila zoezi, na nafasi iliyopo ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Mazoezi 12 kwa mwezi ni shilingi 120,000. Wengi wetu tungegawa kwa watoto 30, tupate 4,000. Lakini daftari la ada linaonyesha kuwa wanaolipa kila mwezi ni 24. Gawa kwa hao: ongezeko ni 5,000, na ada inakuwa 20,000. Ukigawa kwa walioandikishwa, kila mwezi utapungukiwa shilingi 24,000, na baada ya miezi michache utalazimika kupandisha tena. Ongezeko la pili ndilo linalovunja imani ya wazazi.

Kabla ya kuandika, ulizia ratiba za madrasa na masomo ya ziada. Kisha pitia kalenda. Kuanzia Jumatatu, 3 Agosti 2026, siku za mazoezi mwezi huo ni 13, lakini Jumamosi ya tarehe 8 ni Nane Nane. Zinabaki 12.

Barua yenyewe iwe fupi:

*Ndugu Mzazi/Mlezi,*

*YAH: MABADILIKO YA SIKU ZA MAZOEZI NA ADA*

*Kuanzia Jumatatu, 3 Agosti 2026, mazoezi yatakuwa Jumatatu na Jumatano, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi saa moja hadi saa tatu asubuhi. Tarehe 8 Agosti hakuna mazoezi.*

*Ada itakuwa shilingi 20,000 kwa mwezi badala ya 15,000. Nyongeza yote ni kodi ya uwanja. Ada ya Julai haibadiliki.*

*Ambaye ada hii au siku hizi zitamwia vigumu, tafadhali anipigie kabla ya 25 Julai. Mazungumzo yatabaki kati yetu.*

Itume mwezi mmoja kabla, kwa karatasi na kwa simu, maana karatasi mara nyingi huishia kwenye begi la mtoto. Weka kipande cha chini cha kusaini na kurudisha. Ambaye hajakirudisha ifikapo 25 Julai, mpigie wewe. Huenda ndiye anayeona aibu kuanza.