KWA NINI FEDHA ZA MKONONI ZIMEPUNGUA: MAELEZO YA MAKATO YA MIKOPO YA ELIMU YA JUU

(Maelezo kwa watumishi wa kata ya Mabamba, Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma. Wasomaji wa Visiwani wazingatie kwamba Zanzibar inayo Bodi yake ya Mikopo, na viwango vinavyotajwa hapa ni vya Bodi ya Tanzania Bara.)



Mtumishi aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa Serikali anapoona fedha zake za mkononi zimepungua, hudhani kwanza kwamba mshahara umepunguzwa au kodi imepanda. Sivyo ilivyo. Kilichobadilika ni kiwango cha kurejesha mkopo. Hapo awali Bodi ya Mikopo ilikuwa ikikata asilimia 8 ya mshahara. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, yaliyoanza kuonekana katika mishahara ya mwanzoni mwa 2017, makato yamekuwa asilimia 15. Wako waliolalamika kwamba mikataba waliyotia saini ilitaja nane, na lalamiko hilo si la kipuuzi. Lakini mwajiri hana hiari katika jambo hili, kwa kuwa hukata kwa amri ya sheria.

Linalotatiza wengi ni hesabu yenyewe. Asilimia 15 hupigwa juu ya mshahara wa msingi, kabla ya makato mengine yoyote, wala haipunguzi kodi. Tuchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mchango wake wa pensheni, asilimia 5, ni shilingi 40,000. Kodi hutozwa juu ya 760,000 zinazobaki, nayo kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni shilingi 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni shilingi 24,000. Kabla ya mkopo hubaki 668,000. Kwa asilimia 8 angekatwa 64,000 akapokea 604,000. Kwa asilimia 15 hukatwa 120,000 akapokea 548,000. Tofauti ni shilingi 56,000 kila mwezi. Kwa hiyo, ingawa kiwango kimeongezeka kwa saba tu katika kila mia ya mshahara, fedha za mkononi zimeshuka kwa zaidi kidogo ya tisa katika kila mia. Mtumishi anayesema amepoteza zaidi ya alichoambiwa hakukosea kuhesabu.

Sababu ya kupandisha kiwango yaonekana katika deni lenyewe. Mtu aliyedaiwa shilingi 8,000,000 wakati ule alitozwa pia asilimia 6 kwa mwaka, tozo ya kutunza thamani ya fedha, yaani shilingi 480,000 kwa mwaka wa kwanza, sawa na 40,000 kwa mwezi. Akikatwa 64,000, ni 24,000 tu zilizopunguza deni. Alikuwa kama achotaye maji kwa pakacha. Tozo hiyo iliondolewa kuanzia tarehe 1 Julai 2021, na tangu hapo deni hilo hilo, kwa makato ya 120,000, humalizika kwa miezi 67. Kwa asilimia 8, hata bila tozo, lingechukua miezi 125.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wenye mikopo ya benki. Kanuni inayotumika katika kupitisha mikopo ya mishahara ni kwamba mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mwalimu wetu theluthi hiyo ni shilingi 266,667. Akiwa analipa benki 300,000 kwa mwezi, zamani alibaki na 304,000. Sasa anabaki na 248,000, chini ya mpaka. Mtumishi wa namna hii afike benki mapema na kuomba muda wa kulipa urefushwe. Asikope tena kwa watu binafsi ili kuziba pengo, jambo ambalo kwa bahati mbaya ndilo huja akilini kwanza.

Kuhakiki ni rahisi. Katika hati ya mshahara itafutwe safu yenye jina HESLB, kiasi kilichokatwa kigawanywe kwa mshahara wa msingi, si kwa mshahara pamoja na posho. Jawabu likizidi 0.15, aende kwa afisa utumishi na hati yake mkononi. Aangalie pia salio: lisiposhuka mwezi hadi mwezi ilhali makato yanaendelea, huenda fedha hazijaingizwa katika hesabu yake, na aulize Bodi kwa kutoa nakala za hati za miezi husika. Akipandishwa daraja makato hupanda kwa shilingi bila kiwango kubadilika. Salio likifika sifuri na makato yakaendelea, zilizozidi ni zake, naye anayo haki ya kuomba Bodi imrejeshee; kwa hiyo hati za miezi ya mwisho zisitupwe.