Povu la kifafa haliambukizi
(Mazungumzo katika mkutano wa afya ya jamii, Dzaleka)

Nitasema kwa kifupi juu ya kifafa, ambacho wenyeji wetu wa hapa Malawi wanakiita khunyu.

Nianze na povu, maana ndilo linalotutia hofu. Mtu akianguka tunakimbia, tunasema ukiguswa na mate yake nawe utaanguka. Lile povu ni mate ya kawaida. Misuli imekaza, hawezi kumeza, pumzi inayapiga mate yanafanya povu. Kukiwa na damu, mara nyingi ameuma ulimi. Chanzo kiko kwenye ubongo: seli zake huongea kwa umeme mdogo, na siku hiyo zinafyatuka zote kwa pamoja. Hakuna kinachotoka kwake kikaingia kwako.

Sasa fikiria binti anapika ugali, anaangukia mbabula. Kama majirani wanaogopa povu, ataungua mkono mpaka mfupa, na baadaye watasema pepo ndiye aliyemchoma. Kumbe ni makaa, na sisi tuliosimama tukitazama.

Mtoe motoni. Mlaze ubavu, mate yatoke nje, weka kitenge chini ya kichwa. Usimbane mikono, usimtie kijiko mdomoni: meno yatavunjika, na ulimi haumezwi. Usimpe maji mpaka aamke vizuri. Tazama saa. Kwa kawaida inaisha ndani ya dakika 2 au 3. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajaamka, mbebeni mpaka kituo cha afya.

Mtu ataniuliza, “Mbona kwao wako wawili?” Swali zuri. Kuna kifafa cha kurithi, kuna cha malaria iliyopanda kichwani, kuna cha mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa. Tena kuna mnyoo wa nguruwe. Mwenye mnyoo akijisaidia ovyo, asiponawa, mayai yake yanaingia kwenye chakula cha wengine na yanaweza kufika ubongoni. Hapo kinachoambukiza ni mayai ya mnyoo, kifafa chenyewe hapana.

Na maombi? Mimi naomba, nanyi mnaomba. Ila nimeona mtu akiambiwa, “Umefunguliwa, tupa vidonge.” Fenobabito ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, mfululizo, na mtu anaweza kufa. Dawa hiyo humezwa kila siku, kwa wengi jioni. Mwanzoni inaleta usingizi. Kwa watu kama 7 kati ya 10 dawa inaweza kuzuia kuanguka kabisa. Waliobaki daktari hubadili dawa au kuwatuma hospitali kubwa Lilongwe.

Basi anayesafiri kwa kongamano ng’ambo ya mpaka abebe vidonge vya siku zote za safari, na vya wiki moja zaidi, mkononi, si kwenye mzigo wa juu ya basi.